Tangawizi, manjano na cheri chachu: kipi kinapunguza maumivu ya mapaja baada ya mteremko?

*Dokta, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Newala, nina miaka 29. Huwa nakimbia barabara ya tambarare, ila Jumamosi hii nilijaribu kushuka mteremko hadi bondeni na kupanda tena. Jumapili niliuma kidogo, Jumatatu ndiyo ikawa balaa: mapaja yamekaza, darasani siwezi kuinama kuokota chaki, chooni nachuchumaa huku nimeshika ukuta. Mama ananipa maziwa ya manjano, mwenzangu anasema tangawizi, na shoga yangu wa Dar anataka kuniletea juisi ya cheri chachu. Kipi kinasaidia kweli, na kwa kiasi gani? Baada ya wiki sita nina mbio za kilomita 21 Mtwara mjini.*

Marahaba, mwalimu. Kati ya hivyo vitatu, tangawizi ndiyo pekee ambayo wewe uliyeko Newala unaweza kuitumia kwa kipimo kilekile kilichofanyiwa utafiti, kwa kinu cha nyumbani na hela ndogo. Inapunguza maumivu kwa takriban robo, basi, na ni lazima uanze kuila siku kadhaa kabla ya mazoezi. Cheri chachu ina ushahidi wa kutosha kuzungumzika, lakini sitakushauri uiagize. Manjano ya jikoni hayafiki kipimo kilichowahi kusaidia misuli ya mtu. Na kuna kitu cha nne ambacho hukukiuliza kinachoyashinda yote matatu, nacho umeshakianza Jumamosi bila kujua.

Kwanza tuelewane kuhusu maumivu yenyewe. Unaposhuka mteremko, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki. Kila unapotua mguu, goti linakunjika kidogo na msuli unajikaza huku unavutwa kurefuka. Kujikaza kwa namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za msuli kuliko kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakokutoa jasho. Baada ya hapo mwili unapeleka maji na chembe za kukarabati, sehemu ile inavimba kwa ndani, na mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuhisi. Hayo yote huchukua muda, ndiyo maana Jumapili uliuma kidogo na Jumatatu ukaumia zaidi. Kilele chake huwa kati ya saa 24 na 72. Asidi ya maziwa, ambayo watu wengi wa mazoezini huilaumu, huwa imeshaondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Jumatatu haipo tena.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya suala la muda. Ikiwa uharibifu unatokea palepale kwenye mteremko, na uvimbe unaanza saa chache baadaye, basi kitu cha kula kinachotarajiwa kupunguza uvimbe huo kinapaswa kuwa kimeshakaa mwilini kabla hujaanza kushuka. Mtu anayeanza kunywa tangawizi Jumatatu, mapaja yakiwa yameshakaza, amechelewa. Hilo ndilo kosa la kwanza ninaloliona, na linahusu vyote vitatu.

Tangawizi

Utafiti unaonukuliwa zaidi ulifanywa na watafiti wa jimbo la Georgia, Marekani, na kuchapishwa 2010. Yalikuwa majaribio mawili, moja la watu 34 na jingine la watu 40. Nusu walimeza vidonge vyenye gramu 2 za unga wa tangawizi kila siku kwa siku 11 mfululizo, na wengine walimeza vidonge vitupu wasijue tofauti. Kisha wakafanya zoezi la kushusha uzito mzito taratibu kwa mkono, yaani breki ileile ya paja lako ila kwenye kiwiko. Saa 24 baadaye, waliokula tangawizi mbichi iliyokaushwa walikuwa na maumivu pungufu kwa asilimia 25, na waliokula ile iliyopitishwa kwenye moto asilimia 23. Kwa hiyo kuchemsha hakuongezi nguvu wala hakuiharibu, na unaweza kuitia kwenye chai au uji bila wasiwasi. Katika mambo mengine waliyopima, tofauti ilikuwa ndogo.

Robo maana yake nini kwa mapaja yako? Kama unapochuchumaa maumivu ni 6 kwa kipimo cha 0 hadi 10, yatashuka hadi 4 na nusu hivi. Utasikia tofauti, lakini utaendelea kushika ukuta. Na watafiti haohao walipompa mtu gramu 2 mara moja tu, maumivu hayakupungua muda mfupi baada ya kumeza. Usiitegemee kama panadoli.

Sasa kipimo. Tangawizi mbichi ni maji kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo gramu 2 za unga mkavu ni sawa na gramu 10 za tangawizi mbichi iliyomenywa. Unga ukiwa nao, kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu kinakaribia gramu 2. Kwa tangawizi mbichi huhitaji mizani ya nyumbani: nunua robo kilo sokoni, ambayo muuzaji ataipima mwenyewe, menya, kata nusu, kila nusu igawe mara mbili, kisha kila robo itoe vipande vitano. Umepata vipande 20, kila kimoja gramu 10 na ziada kidogo. Kipande kimoja ndicho cha siku.

Hapa ndipo wengi wanapoteza dawa bila kujua. Mtu anakata vipande vya tangawizi, anavichemsha kwenye sufuria ya chai, anachuja, anakunywa, na makapi anayatupa. Sehemu kubwa ya tangawizi imeishia kwenye chujio. Watu wa kwenye utafiti walimeza unga mzima. Kwa hiyo twanga kipande chako kwenye kinu hadi kilainike kabisa, nusu ikoroge kwenye uji wa asubuhi, nusu kwenye chai ya jioni au mchuzi, na ule pamoja na nyuzi zake. Kula baada ya kupata chakula. Gramu 10 za tangawizi kwenye tumbo tupu huwapa wengi kiungulia, na kiungulia ukiwa unakimbia ni adha kubwa kuliko mapaja.

Zile pakiti za chai ya tangawizi zinazouzwa madukani, soma nyuma yake. Mara nyingi kinachotajwa kwanza kwenye viambato ni sukari, maana yake ndiyo iliyo nyingi. Ukitaka kufikisha gramu 2 za tangawizi kwa hizo, utakunywa sukari ya wiki nzima.

Manjano

Maziwa ya manjano ya mama uyanywe, mwalimu. Ni chakula kizuri, na maziwa yana protini ambayo msuli unaojikarabati unaihitaji. Ila naomba tufanye hesabu pamoja, kwa sababu katika vitu vyote vitatu hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Kinachofanya kazi kwenye manjano kinaitwa kurkumini, ile rangi yenyewe. Unga wa manjano wa kawaida una kurkumini kama asilimia 3. Kijiko cha chai ni gramu 3 za unga, kwa hiyo kina kurkumini kama miligramu 90. Utafiti mmoja uliochapishwa 2015 uliwapa wanaume 17 gramu 5 za kurkumini kwa siku, kuanzia siku mbili kabla ya zoezi hadi siku tatu baada yake, na maumivu ya mapaja na makalio yalipungua vizuri. Ili upate gramu 5 kutoka kwenye unga wa jikoni unahitaji gramu 167 kila siku, yaani vijiko vya chai zaidi ya 50. Hakuna mtu anayeweza kula hivyo, na tumbo lisingekubali.

Utaambiwa uongeze pilipili manga. Wazo hili lina chanzo cha kweli. Mwaka 1998 watafiti waliwapa watu wachache gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kile kinachoifanya pilipili manga iwashe, na kiwango cha kurkumini kwenye damu kikapanda mara 20. Miligramu 20 za piperini unazipata kwenye punje kama kumi za pilipili manga. Hesabu hiyo inavutia: miligramu 90 mara 20, mbona tumekaribia gramu 2? Tatizo ni kwamba bila pilipili, kurkumini kwenye damu yao ilikuwa karibu na sifuri, na kitu kidogo sana ukikizidisha mara 20 bado ni kidogo. Na mchanganyiko wenyewe ulipopelekwa kwa wachezaji wa raga, gramu 6 za kurkumini na miligramu 60 za piperini kwa siku, kilichobadilika ni kwamba siku ya pili nguvu yao ya kukimbia kasi kwa mguu mmoja haikushuka sana kama walipokuwa hawajapewa mchanganyiko huo. Maumivu hayakubadilika. Kipimo hicho ni zaidi ya mara 60 ya kijiko kilichoko kwenye kikombe chako.

Vipo vidonge vya manjano vilivyotengenezwa kiwandani ili kurkumini ipenye kirahisi, na baadhi vimeonyesha kupunguza maumivu ya paja la mbele baada ya kukimbia mteremko, tena katika jaribio dogo la wanaume 20. Kwako sitavipendekeza, na sababu si bei tu. Katika miaka ya karibuni madaktari wa Italia na Marekani wameripoti watu walioharibika ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, hasa vile vilivyochanganywa na piperini. Ni wachache ukilinganisha na wanaovimeza, lakini maumivu ya msuli huisha yenyewe ndani ya siku tano, ini likiumia ni habari nyingine. Yeyote anayevitumia akiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, macho yana umanjano au mwili unawasha bila vipele, aache siku hiyohiyo na aende akapimwe.

Jambo moja la sokoni nisilisahau. Huko Bangladeshi iligundulika kuwa baadhi ya wasindikaji walitia kwenye manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Ukitaka kuwa na amani, nunua manjano mazima yaliyokaushwa na uyasage mwenyewe. Rangi ya unga wa halali imetulia, haimetimeti.

Cheri chachu

Shoga yako hakukosea, anazungumzia kitu kilichopimwa kweli. Cheri iliyofanyiwa utafiti ni ile chachu, aina inayoitwa Montmorency, si zile nyekundu tamu za kwenye kopo zinazowekwa juu ya keki, wala soda yenye ladha ya cheri. Mwaka 2006 wanafunzi 14 wa kiume walikunywa juisi yake, chupa ya mililita 350 hivi mara mbili kwa siku kwa siku 8, katikati wakafanya zoezi la breki ya mkono. Bila cheri walipoteza nguvu kwa asilimia 22, na wakiwa na cheri asilimia 4, na maumivu yakapungua pia. Mwaka 2010 ikajaribiwa kwa wakimbiaji 20 wa mbio ndefu za London: nguvu za miguu zilirudi mapema zaidi, lakini maumivu yalikuwa yaleyale. Kisha 2020 wakapewa wachezaji mpira wa kulipwa baada ya mechi ya dakika 90. Haikuwasaidia kitu, si kwenye nguvu wala kwenye maumivu.

Ukiyaweka hayo pamoja, picha ni hii: juisi ya cheri chachu husaidia nguvu kurudi, na maumivu kwa kiasi kidogo, zaidi kwa mtu aliyefanya zoezi asilolizoea. Nayo inataka siku nne au tano za kunywa kabla. Kwa hiyo shoga yako angelazimika kukuletea ya siku saba au nane, ya kuagizwa kutoka nje, kwa faida ambayo kwenye maumivu haizidi ya tangawizi ya robo kilo. Akikuletea kama zawadi, itumie wiki ya mbio. Kuinunua, hapana. Na kama inakuja ile nzito ya kuchanganya na maji, kipimo kilichotumika kwenye tafiti ni mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, mara mbili kwa siku.

Huku kwetu swali linalofuata huwa ni choya, kwa sababu ni nyekundu na chachu vilevile. Rangi ya choya na ya cheri ni za ukoo mmoja, hilo ni kweli, ila rangi kufanana si ushahidi kwamba misuli itapona mapema. Kunywa choya kwa kiu. Juisi ya mabibo nayo ina vitamini C nyingi na ni tamu msimu wake, inywe ikiwa mbichi. Ikishachacha ikawa uraka ni jambo jingine: pombe ya kiasi kikubwa jioni ya mazoezi mazito imeonyeshwa kuchelewesha nguvu za msuli kurudi. Hilo waambie na wale mnaokimbia pamoja.

Kilichozidi vyote vitatu

Msuli ulioumizwa na mteremko mara moja unajifunza. Mwaka 1985 watafiti waliwakimbiza watu mteremkoni kwa dakika 30, kisha wakawarudisha kwenye mteremko uleule baadaye. Waliorudi baada ya wiki tatu au sita waliumia kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Waliorudi baada ya wiki tisa kinga ilikuwa imeshaisha. Hawakula chochote cha pekee. Jumamosi ile iliyokutesa ndiyo chanjo yako.

Na ndipo unapozaliwa udanganyifu mkubwa kuhusu vyakula hivi. Chukulia Jumatatu hii ulijipa 7 kati ya 10 ukichuchumaa. Unaanza tangawizi, Jumamosi ya pili unashuka tena mteremko uleule, na Jumatatu yake unajikuta na 3. Utamwambia kila mtu kwamba tangawizi imefanya maajabu. Lakini hata ungekunywa maji matupu ungeshuka, pengine hadi 4. Sehemu kubwa ya nafuu ni ya mteremko wa kwanza. Wengi wanaotoa ushuhuda wa maziwa ya manjano walianza kuyanywa baada ya zoezi la kwanza lililowaumiza, na hawakujua kuwa la pili lingekuwa jepesi kwa vyovyote.

Ukitaka kujipima kwa haki, andika namba yako kila Jumatatu asubuhi kwa tendo lilelile, kuchuchumaa kunatosha. Shuka Jumamosi ya pili na ya tatu bila kitu chochote, mpaka namba itulie. Baada ya hapo ndipo uweke wiki moja yenye tangawizi. Ikishuka tena kwa pointi moja, hiyo ndiyo ya tangawizi.

Kwa wiki sita zako ningepanga hivi. Jumamosi hii pumzika na mteremko, kimbia tambarare polepole. Inayofuata shuka nusu ya umbali wa siku ile, kwa hatua fupi na za haraka. Hatua ndefu mteremkoni hufanya breki kuwa kali, na ndizo zinazochana. Wiki ya tatu na ya nne shuka wote. Wiki ya tano na ya sita usishuke kabisa. Mtwara mjini ni pwani, barabara hazina mteremko kama wa huko kwenu Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na kinga uliyoijenga itakuwa bado ipo siku ya mbio. Hakuna sababu ya kufika kwenye mstari na mapaja yaliyochoka.

Tangawizi iwekee mbio zenyewe. Zikiwa Jumapili, anza Jumapili iliyotangulia, kipande kimoja kwa siku, endelea hadi Jumatano baada ya mbio. Zimetimia siku 11, kama kwenye utafiti. Asubuhi ya mbio usile tangawizi, kipande cha siku hiyo kile jioni, na wala isiwe mara yako ya kwanza kuila kwa kiasi hicho. Wiki ya kujipima itakuwa imeshakuonyesha kama tumbo lako linaikubali. Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini, tangawizi ya kipimo hiki na manjano ya vidonge usiviguse kabla ya kuongea na anayekutibu. Chai ya kawaida haina neno.

Na ukiona mkojo umegeuka kahawia kama soda ya kola siku moja au mbili baada ya mteremko, au paja limevimba na kuishiwa nguvu, hayo si maumivu ya mazoezi ya kawaida. Msuli umevunjika kwa wingi na unazielemea figo. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe damu na mkojo. Maumivu ya sehemu moja tu yanayochoma, au ya kigimbi cha mguu mmoja kilichovimba na kuwa na joto, nayo yapeleke kwa daktari, wala usisubiri siku tano ziishe.